Miezi 18 ugenini: mimi nimeshazoea, mume wangu bado amekaa dirishani. Tumekosea wapi?

#1 Mama Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Siku zote nasoma tu na kupita, ila leo nimeelemewa.

Mimi na mume wangu tumetoka nchi moja, tuna lugha moja, tumekulia karibu mtaa mmoja. Tulihama pamoja na watoto wawili. Kazi nilipata mimi, yeye akaacha yake akaja nami. Sasa ni mwezi wa 18. Mimi nabishana na wenyeji kwa lugha yao na nacheka nao. Yeye alikuwa msimamizi wa mafundi 20 kule tulikotoka, kazi haianzi mpaka afike. Hapa nikirudi jioni namkuta kwenye kiti kile kile cha dirishani, simu mkononi, giza limeingia na taa hajawasha.

Jumatano iliyopita kengele ya mlango ililia nikiwa bafuni. Nikasikia nyayo zake zinakwenda hadi mlangoni, kisha kimya. Kengele ikalia tena. Hakufungua. Mtu wa nje akaondoka. Kumbe ni mzigo wa viatu vya mtoto tulioungoja wiki nzima. Nilipotoka akaniambia, "Nilidhani wamekosea nyumba." Hakunitazama.

Barua nasoma mimi, simu napokea mimi, shuleni naenda mimi, kwa daktari namsindikiza mimi. Nikimwambia ajaribu, anasema, "Wewe unajua, malizana nao tu." Tunapendana, hilo sina shaka nalo. Lakini tukikaa mezani mimi nina habari za siku nzima, yeye hana hata moja.

Swali langu: watu wawili walioshuka ndege moja, mmoja anashikaje njia na mwingine anapoteaje? Ni tabia, ni lugha, ni uanaume, ni nini?

#2 Msafiri Daima

Usiogope dada. Kila mhamaji hupita hatua 4: furaha ya ugeni, mshtuko, kujifunza, kisha kuzoea. Ukichora inatoka herufi U. Jambo hili lilishachunguzwa tangu miaka ya 1950. Mumeo yuko chini kabisa ya hiyo U. Mwaka wa pili ukiisha atapanda mwenyewe, wewe vumilia tu.

#3 Chonjo

Pole sana dada. Ndoa za mbali ni mtihani. Mimi huu mwaka wa tatu niko huku na mke wangu yuko nyumbani. Dawa ni kupigiana simu saa ile ile kila siku, hata kama hamna la kusema.

#4 Binti Sauti

Chonjo, soma tena ndugu yangu. Wako nyumba moja, kitanda kimoja. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe.

#5 Chonjo

Kweli, nimekurupuka. Samahani dada. Nabaki hapa nisome.

#6 Kisiki

Mimi nitasema wazi. Anayetaka kujifunza hujifunza. Nilifika ugenini sina hata neno la kuombea maji, miezi 6 nikawa naongea. Mume aamke asubuhi atoke nje. Wewe dada unamdekeza, ndiyo maana hatoki.

#7 Mkalimani Mkongwe

Mama Wawili, pole. Nimekuwa mkalimani wa wahamaji miaka mingi, hospitalini, shuleni na maofisini. Hali unayoieleza nimeikuta kwenye familia nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Kwanza nimrekebishe Msafiri Daima (#2), maana ushauri wake una nusu ya ukweli na nusu hiyo inaweza kuwapotezea mwaka mwingine. Hiyo U ilitokana na mtafiti Lysgaard mwaka 1955. Aliwahoji Wanorwe waliokuwa wamekwenda Marekani kimasomo na kurudi. Hakumfuata mtu mmoja hatua kwa hatua tangu anaposhuka. Baadaye wachunguzi kama Colleen Ward waliwafuata wageni wale wale kwa muda, wakakuta wengi wanaumia zaidi mwanzoni kabisa, ile furaha ya kwanza hata haipo. Na hakuna mahali imeandikwa kwamba mtu hupanda kwa sababu tu kalenda imesogea. Nimewahi kumtafsiria mama aliyekaa ugenini miaka 11 akiwa bado anasubiri mwanawe atoke shule ndipo afungue barua.

Pili, Kisiki. Nikuulize kwa heshima: hiyo miezi 6 mchana ulikuwa wapi?

#8 Kisiki

Nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa, saa 10 kwa siku. Wenzangu wote wenyeji. Ukikosea wanakurekebisha hapo hapo.

#9 Mkalimani Mkongwe

Ahsante kwa kusema. Sasa tazameni hesabu hii. Mama Wawili, wewe uko kazini saa 8 kwa siku, siku 5. Hizo ni saa 40 kwa wiki ukiisikia lugha, ukiijibu, ukirekebishwa. Mumeo anasoma?

#10 Mama Wawili

Anasoma. Darasa la jioni mara mbili kwa wiki, saa 2 kila mara. Hakosi.

#11 Mkalimani Mkongwe

Basi yeye ana saa 4, wewe 40. Tutoe likizo na wiki za kwanza, tuseme mmebaki na wiki 70. Wewe umekusanya saa 2,800, yeye 280. Mmeshuka ndege moja, lakini kwa saa alizoishi ndani ya lugha, yeye yuko pale ulipokuwa wewe wiki yako ya saba. Jikumbuke wiki ya saba. Ulikuwa unafungua mlango?

#12 Mama Wawili

Nimekaa na hili swali dakika kadhaa. Wiki ya saba nilikuwa najificha chooni wakati wa mapumziko ili nisiongee na mtu. Nilikuwa nimesahau kabisa.

#13 Mwalimu wa Jioni

Nafundisha watu wazima lugha, naomba niongeze kwa Mkalimani. Hata hizo saa 280 ni nyingi kuliko uhalisia. Darasa langu lina watu 16. Katika dakika 120, nusu naongea mimi au wanaandika. Zinabaki 60, ukigawa kwa watu 16 hazifiki hata dakika 4 za kufungua kinywa kila mmoja. Na anayeona haya humpa jirani zake dakika zake. Darasa ni la lazima kwa sarufi na ujasiri wa kwanza, lakini halikuzalishi kuwa msemaji.

Wanaume waliokuwa wakubwa kazini ndio wagumu zaidi kwangu. Si kwa akili. Mtu aliyezoea kutoa amri zilizonyooka hawezi kuvumilia kusikika kama mtoto wa miaka mitatu, basi anaongea tu pale anapojua sentensi yote iko sawa. Maana yake haongei.

#14 Kisiki

Hesabu nimeielewa na neno la kudeka nalirudisha. Lakini bado nashikilia: mimi huo mkahawa niliutafuta mwenyewe.

#15 Binti Sauti

Kisiki, uliutafuta kwa sababu karatasi zako zilikuruhusu. Wengine tulifika na kibali cha kumfuata mwenzi, na kwenye kibali changu iliandikwa wazi kwamba siruhusiwi kufanya kazi. Miaka 3. Kila kitu changu kilining'inia kwenye jina la mume: makazi, bima, akaunti ya benki. Mimi na yeye tulikuwa na digrii ile ile. Mama Wawili, mumeo anaruhusiwa kazi?

#16 Mama Wawili

Anaruhusiwa, lakini cheti chake cha ufundi bado kinasubiri kutambuliwa. Wanataka mtihani wa lugha kwanza.

#17 Binti Sauti

Basi ndiyo ile ile kwa mlango wa nyuma. Lugha iko kazini, kazi iko nyuma ya lugha. Na niseme jambo ambalo watu wengi kwenye nyuzi kama hizi hulikwepa. Kwangu haikuwa kuzoea wala kutozoea. Mume wangu wa wakati ule alikuwa "anasoma barua kwa niaba yangu" na hakutaka nijifunze kuzisoma. Kadi ya benki anashika yeye, hati ya kusafiria anashika yeye, na kila nikiomba kwenda darasani kunakuwa na sababu. Ilinichukua muda kujua tofauti kati ya msaada na kufuli. Simsemi mleta uzi, yeye anaomba mwenziwe ajaribu, hilo linaonekana. Namwandikia yule anayesoma kimya na anajiona humu.

#18 Msafiri Daima

Nimekubali marekebisho ya Mkalimani, ile U niliisikia kwenye semina nikaibeba nzima nzima. Ila kuna jambo moja: hizo simu za nyumbani. Mimi nilipofika nilikuwa nakesha kwenye makundi ya simu ya ndugu, nalala asubuhi, naamka jua limezama. Niliishi kwa saa za nyumbani nikiwa mwili tu uko huku. Mwambie azime simu, akate kabisa miezi 3.

#19 Babu Kidevu

Msafiri, hapana mwanangu. Umeshika pabaya tena. Usimkatie mtu kamba ya mwisho aliyoishikilia.

Mimi ndiye nilikuwa huyo wa dirishani, kwa hiyo niacheni niseme. Tulihama mke wangu akiwa muuguzi, mimi nina miaka 51. Sikutatizwa na simu za nyumbani. Zilikuwa ndiyo saa pekee ambapo nilikuwa na utani, nilikuwa na maoni, mtu ananiuliza ushauri. Kilichoniua ni kwamba nje ya simu hakukuwa na mtu wa kuniona isipokuwa kupitia mke wangu.

Nitawapa mfano mmoja. Nilianza kupata shida ya kukojoa, usiku naamka mara tano. Mke yuko zamu, akaenda nami binti yetu, ana miaka 13, kunitafsiria. Daktari akauliza tatizo nini. Nikamtazama binti yangu. Nikasema mgongo unauma. Nikapewa dawa ya mgongo. Nilikaa na shida ile miezi 8, na binti yangu akajua kuwa baba anadanganya ila hajui kwa nini. Baadaye muuguzi mmoja ndiye aliyeuliza kama ningependa mkalimani wa hospitali, mwanaume. Sikujua kama kuna kitu hicho. Siku ile niliongea dakika 20 mfululizo, mpaka mkalimani akaniomba nipunguze mwendo.

#20 Mkalimani Mkongwe

Babu Kidevu, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mama Wawili, hili lichukue kwanza: acha kumtafsiria mumeo kwa daktari. Usimtume mtoto pia. Hospitali nyingi zina mkalimani au huduma ya ukalimani kwa simu, ila mara nyingi lazima uombe wakati wa kuweka miadi. Mke akiwa katikati, mgonjwa humlinda mke. Watu wamenitazama usoni wakaniambia kwa mara ya kwanza kwamba hawalali, mke amekaa nje mlangoni.

Na hili linahusu zaidi ya mwili. Kama kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, hana hamu hata na vitu alivyovipenda, usingizi na kula vimevurugika, anajiona mzigo, hapo hatuzungumzii tena kuzoea. Hiyo inaweza kuwa sonona na ina tiba. Lipo dodoso la maswali 9 ambalo madaktari hulitumia, limetafsiriwa kwa lugha nyingi. Akisema maisha hayana maana au bora asiwepo, usingoje miadi, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Kuhusu simu za nyumbani nakubaliana na Babu. Mwanasaikolojia John Berry amechunguza wahamaji kwa miongo kadhaa. Kwa jumla alikuta wanaoshika vya kwao na vya ugenini kwa pamoja wanakaa vizuri kuliko wanaoacha kimoja. Ila Msafiri naye ana hoja kwenye usingizi: simu ziwe jioni, zisile usiku.

#21 Msafiri Daima

Leo nimesahihishwa mara mbili kwenye uzi mmoja. Nazipokea zote.

#22 Nyota Njema

Mimi nadhani mnazungumza lugha sana na kusahau marafiki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018, akiwahoji miongoni mwa wengine watu waliohamia mahali papya ndani ya miezi 6. Akakuta inachukua kama saa 50 pamoja mtu atoke kuwa mnayefahamiana tu hadi kuwa rafiki wa kawaida, kama 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Mume wa dada hana mtu hata mmoja wa saa 50. Dada ana ofisi nzima.

#23 Mwalimu wa Jioni

Nyota, utafiti huo naujua, lakini hapo mwisho umevuka. Yeye mwenyewe aliona saa za kufanya kazi pamoja hazijengi urafiki kama saa za kupumzika pamoja. Kwa hiyo ofisi ya dada isihesabiwe yote. Mama Wawili, nikuulize bila ubaya: kati ya hao unaocheka nao, yupo aliyewahi kuingia kwenu?

#24 Mama Wawili

Hakuna.

Hata mmoja. Nimehesabu. Nina watu 30 wa kusalimiana. Mume wangu ana kaka zake wawili wa kwenye simu ambao wanajua anachokula. Nilikuwa nikimwona yeye ndiye mpweke wa nyumba hii.

#25 Binti Sauti

Pole mpenzi. Labda naye anakuangalia, anaona umeshafika mbali, anaogopa kukuambia. Na wewe huwezi kumwambia umechoka kwa sababu yeye "ana shida zaidi."

#26 Kisiki

Sasa mbona tumetoka kwa mume tumehamia kwa mke? Dada aliuliza afanye nini.

#27 Chonjo

Aliuliza kwa nini, Kisiki. Leo mimi ndiye niliyesoma.

#28 Kisiki

Haya, umenipata. Lakini cha kufanya kisemwe pia.

#29 Mkalimani Mkongwe

Nitasema nilichoona kikifanya kazi, na mara nyingine kikashindwa.

Mpe jambo moja, si kumi. Liwe lake kabisa, na wewe usiwepo chumbani. Ukiwepo atakugeukia, na wewe utajibu kabla hujajua umejibu. Usianze na simu, ni ngumu kuliko wengi wanavyofikiri, maana humwoni mtu midomo wala mikono. Anza uso kwa uso, mtu yule yule, mahali pale pale, kila wiki. Fundi atafutiwe mahali ambapo mikono inafanya kazi na maneno ni ya ziada: karakana ya kujitolea ya kutengeneza baiskeli au vifaa vya nyumbani. Hapo anakuwa mjuzi tena, na lugha inamfuata kwenye vitu anavyovijua: kaza, legeza, imevunjika, nipe ile.

Inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu mke amemchagulia, amemwandikisha na amempeleka mpaka mlangoni. Mtu anaenda kama mtoto wa shule, na wiki ya tatu harudi.

#30 Mwalimu wa Jioni

Na usimsahihishe mbele ya watoto. Watoto watamshinda lugha ndani ya mwaka na wanaanza kumcheka matamshi. Hilo nimeona linafunga mdomo wa baba kabisa.

#31 Babu Kidevu

Mimi nina shaka kidogo na karakana. Nilienda moja, nikawa napewa kufagia. Kwangu kilichosaidia ni mzee jirani aliyekuwa mpweke kama mimi, tukicheza drafti bila maneno. Bahati tu. Sijui mtu anaipangaje bahati.

#32 Mama Wawili

Nimerudi baada ya wiki 5, niliahidi moyoni kutoa mrejesho.

Nilimsomea mume wangu bandiko la Babu Kidevu (#19), lote, kwa sauti. Hakusema kitu. Usiku taa ikiwa imezimwa akaniambia kwamba hata yeye, mara ya mwisho kwa daktari, hakusema yote. Tumeomba mkalimani, miadi ni wiki ijayo. Zaidi ya hapo sijui, na sitauliza.

Karakana alienda mara mbili. Ya tatu hakwenda. Nilimwandikisha mimi, Mkalimani, kabla sijafika mwisho wa #29.

Ila bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Nikamwambia hilo ni lako, nikatoka na watoto saa nzima. Akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya jengo. Alichanganya siku, akasema Jumanne badala ya Alhamisi. Jumanne niko kazini, fundi akagonga, mume wangu akafungua. Hakuwa na pa kukimbilia. Nilipofika jioni nikamkuta sakafuni chini ya sinki, mikono ina grisi, na spana ambayo si yetu. Fundi alikuwa ameleta mpira wa ukubwa usiofaa, wakabishana. Mume wangu alikuwa sahihi. Spana fundi ameisahau, au ameiacha, hajajua. Ameiweka pale dirishani, anasema jamaa atairudia Ijumaa.

#33 Chonjo

Asirudishiwe na mtoto. Ampe mwenyewe.

#34 Babu Kidevu

Huyo fundi anacheza drafti?